Maneno ya Chini ya Picha Yangu na Baba

Nafanya kazi katika duka la kuchapisha hapa mjini Meru. Tunachapisha kadi za harusi, risiti, kalenda za makanisa, lakini kinachotuweka mjini ni vijitabu vya mazishi. Familia inakuja na bahasha ya picha na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, nami naketi nao kwenye kompyuta tunapanga. Kila picha inahitaji maneno mafupi chini yake. Marehemu akiwa na wajukuu. Marehemu siku ya ubatizo wa kitinda mimba wake. Nimeandika maneno ya namna hiyo miaka mingi kiasi kwamba nikiona picha yoyote, hata ukutani kwa mtu, macho yangu hushuka chini kuangalia kama kuna mstari umeandikwa.

Kazi hiyo imenifunza mambo machache. Maneno yasirudie kile ambacho macho tayari yanaona. Yasizidi mistari miwili, kwa sababu wa tatu hausomwi. Na yasimsifu anayeyaandika. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu aliyebaki hai ndiye anayeandika, naye mara nyingi ana jambo lake moyoni. Mwanamume mmoja aliwahi kuniletea picha ya baba yake amesimama peke yake kwenye shamba la kahawa, akaniambia niandike kwamba walikuwa marafiki wakubwa. Nikaandika. Alipoyasoma kwenye skrini akasema niyatoe, niache jina tu na mahali. Sikumuuliza kwa nini. Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa na mwaka wa sita bila kuongea na baba yangu.

Baba ni mkulima wa chai Kianjokoma, upande wa Embu, na ni mzee wa kanisa. Mama alifariki nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo Baba ndiye aliyetulea mimi na mdogo wangu wa kike. Alikuwa akituamsha, anatupikia uji, kisha anaenda kukamua ng'ombe. Mimi nimepewa jina la mama yake, kama desturi yetu ilivyo kwa binti wa kwanza, kwa hiyo hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Mama. Nilikuwa na miaka mitano na mtu mzima ananiita Mama, na sikuona ajabu yoyote.

Nilipopata kazi Meru nikakutana na mwanamume mwenye bucha karibu na Kinoru. Ni Mwislamu, na baba yake alikuwa Mwislamu, na babu yake pia, watu wa mjini wa siku nyingi. Tulipoamua kuoana nami nikaamua kuingia dini yake. Hakunilazimisha. Nilikwenda nyumbani kumwambia Baba nikiwa nimejifunga kitambaa kichwani, na nadhani alijua kabla sijafungua mdomo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kama unaenda, nenda kabisa." Nami, kwa hasira ya msichana wa miaka ishirini na sita, nikamjibu, "Basi nihesabu pamoja na Mama yangu." Yaani pamoja na waliokufa.

Hakuja harusini. Sikwenda nyumbani Krismasi ile, wala iliyofuata. Mwaka wa kwanza nilisubiri anipigie. Wa pili nikaona aibu kupiga mimi. Baada ya hapo hakukuwa na hasira tena, nikiwa mkweli. Kilichokuwepo ni mazoea. Mdogo wangu, ambaye ni mwalimu Embu mjini, alikuwa akija kunitembelea, na tulikuwa na makubaliano yasiyosemwa: Baba hatajwi. Nikimuuliza, "Nyumbani?" anajibu, "Wako salama," basi. Binti yangu alizaliwa, akaanza kutembea, akaanza shule. Miaka tisa ikapita namna hiyo.

Kilichobadilisha mambo ni simu. Mdogo wangu alinunua simu mpya akampa Baba ile ya zamani, kwa sababu wazee wa kanisa walikuwa wameanzisha kikundi cha kupeana matangazo na yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado na simu ya mulika mwizi, ile ndogo ya tochi. Mimi sikuambiwa. Nilijua siku moja asubuhi nikiwa kazini, kabla wateja hawajaanza kuingia.

Nilikuwa nimeweka picha kwenye stetas. Ilikuwa ya binti yangu anacheka, jino la mbele limeng'oka, na chini nikaandika, "Lango limefunguliwa." Picha ya stetas hukaa siku moja kisha inafutika yenyewe, na pembeni kuna alama ya jicho. Ukiigusa unaona orodha ya walioitazama na saa waliyotazama. Mimi huiangalia kwa mazoea tu, kama mtu anavyochungulia dirishani. Mke wa jirani, mteja fulani, mdogo wangu. Halafu, kati yao, neno moja: Baba. Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi.

Nilidhani ni makosa. Lakini haiwezekani kuwa makosa. Ili mtu aone stetas yako, lazima wewe uwe umehifadhi namba yake na yeye awe amehifadhi yako. Upande mmoja pekee hautoshi. Mimi namba yake sikuwahi kuifuta, nilihama nayo kutoka simu moja hadi nyingine bila kuipiga. Ina maana naye alikuwa na yangu. Nilikaa nikilitazama lile neno mpaka mteja wa kwanza akaingia akanisalimia mara mbili.

Siku iliyofuata niliweka picha ya viazi ambavyo mume wangu alikuwa ameletewa kutoka Kiirua. Baba akatazama, saa kumi na mbili na nusu. Siku ya tatu, mvua juu ya mabati ya jirani. Akatazama. Nikahesabu, nikajua ni wakati gani: amemaliza kukamua, ameketi jikoni na chai ya kwanza, anangoja lori la maziwa. Hakuandika kitu. Nina hakika hakujua kwamba jina lake linabaki pale. Alidhani anapita nje ya ua akichungulia bila kuonekana.

Sikumwambia mtu kwa wiki mbili. Nilianza tu kuandika vizuri zaidi. Zamani nilikuwa naweka picha na alama ya moyo, imetosha. Sasa nikawa nafikiria maneno nikiosha vyombo. Binti yangu akiwa na sare ya shule: "Darasa la pili. Hesabu anapenda, kusoma anavumilia." Mume wangu akinoa kisu mlangoni mwa bucha: "Saa kumi na moja alfajiri ameshaamka. Kila siku." Mstari huo niliufikiria sana. Nilitaka Baba ajue nimeolewa na mtu anayeamka mapema, kwa sababu kwake hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya mwanamume.

Mume wangu ndiye aliyegundua. "Siku hizi unaandika kama unamwandikia mtu," akasema tukila.

Nikampa simu nikamwonyesha orodha. Alitazama, akaendelea kutafuna, kisha akasema, "Usimuulize chochote. Ukimshtua ataacha."

"Na nikinyamaza?"

"Hujanyamaza. Unamwambia kila siku."

Miezi miwili ikaenda hivyo. Kisha binti yangu akashikwa na homa, koo likavimba, tukakaa naye hospitali siku tatu na ya nne nyumbani. Simu sikuishika isipokuwa kuwapokelea ndugu wa mume wangu walipopiga. Siku ya tano asubuhi, nikiwa nampoza uji, simu ikalia mlio wa ujumbe. Ulikuwa umetoka kwa Baba. Umeandikwa kwa Kiswahili, kwa sababu Kiembu ni cha kuongea, hakuna kati yetu aliyezoea kukiandika.

"Siku nne hakuna picha. Ni amani?"

Niliketi kwenye kigoda. Binti yangu akauliza kama uji umepoa. Nikamwambia bado, ingawa ulikuwa umepoa.

Mimi ambaye kazi yangu ni maneno niliandika jibu nikalifuta mara nyingi. La kwanza lilikuwa refu, lina miaka yote ndani yake. Mwishowe nilituma: "Ni amani Baba. Mtoto alikuwa mgonjwa, amepona. Anakunywa uji." Akajibu baada ya muda, na najua anavyoandika polepole kwa kidole kimoja: "Asante kwa kunijulisha. Mpe maji ya kutosha."

Jumamosi nilimtumia picha ya mtoto, kwake moja kwa moja, si kwenye stetas. Alijibu, "Amefanana na mama yangu." Na mimi ndiye mwenye jina la mama yake. Nilielewa alichokuwa anakizunguka. Basi nikaandika kile nilichokuwa nimekiogopa miaka yote: "Baba, naweza kuja nyumbani?"

Jibu lilikuwa neno moja na siku. "Njooni Jumamosi."

Nililisoma nikalipeleka buchani. Mume wangu alikuwa anapima nyama, akaangalia skrini bila kuigusa kwa sababu ya mikono. "Njooni," akasoma. "Si njoo."

"Ndiyo."

"Labda anamaanisha wewe na mtoto."

"Angemaanisha hivyo angesema uje na mtoto. Namjua. Haongezi herufi bure."

Akarudi kwenye mzani. Baadaye nilimwona anafuta gari ndani, pikapu ambayo kawaida hubebea nyama, anasugua pembe zote kwa sabuni kana kwamba tunaenda kukaguliwa.

Tuliondoka asubuhi, tukapita Nkubu na Chuka, tukafika Runyenjes ambapo mdogo wangu alikuwa anatungoja kando ya barabara, akapanda, tukaanza kupandisha kuelekea Kianjokoma. Hewa ikawa baridi na chai ikaanza pande zote mbili. Binti yangu aliuliza babu anaitwaje. Nikamwambia, "Mwite Guka," yaani babu kwa Kiembu. Akalifanyia mazoezi njia nzima.

Baba alikuwa amesimama langoni. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mzee, lakini sikujiandaa kumkuta mfupi. Alikuwa amevaa koti la kanisani juu ya buti za shamba. Alimsalimu mume wangu kwanza, kwa mikono miwili, kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Karibu. Umeendesha vizuri? Barabara yetu ni mbaya." Akamsalimu mtoto, ambaye kwa woga alisahau mazoezi yake yote. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama," akasema.

"Baba."

Hatukukumbatiana. Kwetu hatukumbatiani. Alinishika mkono akauweka kati ya yake miwili na hakuuachia mpaka tulipofika jikoni.

Alikuwa amefunga beberu nyuma ya zizi. Alimwambia mume wangu, "Nimekuachia wewe uchinje, ili tule wote." Mdogo wangu akanitazama. Kisha Baba akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo muda mrefu, "Hata hapa Kianjokoma nyama ya buchani inachinjwa na Mwislamu. Nimeila maisha yangu yote. Sijui kwa nini sikukumbuka siku ile." Mume wangu akacheka, naye Baba akacheka kidogo, wakaenda zizini wakiwa wameshika kamba pamoja.

Nyama ikiwa motoni, Baba aliniita tukaangalie chai. Tulitembea katikati ya mistari, yeye mbele na kikapu mkononi, akichuma jani hapa na pale ambalo wachumaji walikuwa wamelipita. Tulipofika mwisho wa shamba akasimama akiwa amenipa mgongo. Aliongea kwa Kiembu.

"Nilisema neno siku ile. Nimelitafutia njia ya kulirudisha na sikuipata. Kila mwaka ukipita linakuwa zito zaidi."

"Mimi pia nilisema," nikamwambia. "Nilisema unihesabu na Mama."

"Nilijaribu. Haikuwezekana." Akatupa majani kwenye kikapu. "Mdogo wako alipokuwa ananiwekea namba kwenye simu hii, nilikuwa namsomea kutoka daftari langu. Nikafika kwako. Nikaisoma kama zingine. Yeye akaandika, hakuniangalia."

Kwa hiyo mdogo wangu alijua siku zote.

"Na ulikuwa unaona picha zangu," nikasema.

Aligeuka. "Wewe ulijuaje?"

Ikabidi nimweleze habari ya jicho. Alisikiliza kwa makini, akaitoa simu mfukoni akataka nimwonyeshe lilipo. Alipoelewa kwamba kwa miezi miwili nilikuwa naona jina lake kila asubuhi, alishika kofia yake akaivuta mbele. "Basi hukuwa unaandika bure," akasema. Na simu ilipokuwa mkononi mwangu niliona alivyonihifadhi. Sikuwa na jina langu mle. Nilikuwa Mama.

Tulikula. Baba aliomba kabla ya chakula, kwa ufupi kuliko nilivyokumbuka, na mume wangu alifungua viganja vyake kimya mpaka mwisho. Baada ya chai mdogo wangu akasema tupige picha kabla jua halijashuka. Aliniweka mimi na Baba kwenye benchi mbele ya nyumba. Hatukujua tuweke wapi mikono. Baba aliiweka magotini, nami nikaweka yangu vilevile, na katika picha tunaonekana kama watu wawili wanaongoja kuitwa ndani ya ofisi. Lakini wote wawili tunatazama upande mmoja, kwa binti yangu ambaye alikuwa anamfukuza kuku, na nyuso zetu zimelegea.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Jioni ya Jumapili, tukiwa tumerudi Meru, niliamua kuiweka picha ile kwenye stetas. Sikumuuliza Baba. Nilimuuliza mume wangu kama naonekana mnene, basi. Nikaanza kuandika. Nilianza na habari ya miaka tisa, na machozi, na Mungu, na ushauri kwa yeyote asiyeongea na mzazi wake ampigie leo. Yalikuwa marefu mpaka simu ikayakata katikati na kuweka pale panapoandikwa soma zaidi. Nikajikumbusha kazi yangu. Nikatoa ushauri, kwa sababu hakuna aliyeniomba. Nikatoa machozi, kwa sababu hatukulia. Nikatoa Mungu, kwa sababu Baba na mimi tungemtaja kwa namna mbili tofauti chini ya picha moja. Nikabaki na mstari mmoja nikaona ni mzuri, mpole, na mfupi.

"Baada ya miaka tisa, baba amenisamehe."

Nikatuma. Pongezi zikaanza kuingia. Mashangazi wa mume wangu, wateja, msichana niliyesoma naye. Nikagusa jicho. Baba alikuwa ameshatazama, dakika ya tatu tu. Nikangoja aandike neno. Hakuandika. Jumatatu asubuhi hakuandika. Niliweka picha nyingine ya kawaida, hakuitazama. Mchana mdogo wangu akanipigia akaniambia kuna jamaa amepiga picha skrini yangu na kuituma kwenye kikundi cha ukoo, na sasa watu wanaandika pale kwamba wanamshukuru mzee kwa moyo wake mkubwa.

"Si jambo zuri?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. "Ametoka kwenye kikundi."

Nilikaa kazini nikiangalia kijitabu cha watu bila kuona herufi. Niliogopa kwamba nimelirudisha lile jambo la miaka tisa kwa mstari mmoja.

Saa kumi jioni simu ikalia. Haikuwa ujumbe. Alikuwa anapiga. Katika miezi yote ile hatukuwa tumepigiana, na nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi.

"Yale uliyoandika chini ya picha," akasema bila salamu. "Yatoe."

"Nimekukosea, Baba. Ningekuuliza kwanza."

"Si hilo. Umeandika nimekusamehe. Watu wote sasa wananisifu." Nikasikia ng'ombe nyuma yake. "Kusamehe ni kwa mtu aliyekosa. Wewe uliolewa. Ulimtafuta mume, ukampata mtu mwema, ukaniambia ana kwa ana bila kunificha. Ni kosa gani hilo nililokusamehe?"

Watu walikuwa wanapanda ngazi wakinipita, nami nikageukia ukuta.

"Upo?" akauliza.

"Nipo."

"Basi badilisha."

Nikamweleza kwamba maneno ya stetas yakishatumwa hayabadilishwi. Mtu hufuta picha nzima na kuiweka upya, na waliokwisha kupiga picha skrini wanabaki na ile ya kwanza. "Wabaki nayo," akasema. "Ile ya kweli iwekwe. Utaandika nini?"

Nikafuta hapohapo, simu ikiwa kwenye spika, nikamwambia nimefuta. Kisha nikapendekeza: nimemsamehe baba. Akasema hilo ni afadhali kwa ukweli lakini hataki kulisoma mahali ambapo kila mtu analisoma. Nikapendekeza: baba alikuwa amenyamaza, sasa ameongea.

"Hilo ni sawa," akasema. "Mimi ndiye niliyenyamaza."

"Mimi nilikuwa na namba yako siku zote, sikupiga."

"Wewe ni mtoto."

"Nina miaka thelathini na mitano, Baba."

Akafikiria. Baba akifikiria huvuta hewa kwa meno, na nilikuwa nimeisahau sauti hiyo. "Basi weka sisi wote wawili," akasema.

"Tulinyamaza?"

"Tulinyamaza. Ndiyo. Hakuna wa kunyooshewa kidole hapo."

"Na miaka, niiweke?"

"Iweke. Watu wasidhani ni jambo la wiki moja. Lakini usiweke neno lingine la kuelezea. Anayejua anajua."

Nikaandika nikiwa nimesimama, nikamsomea: "Miaka tisa tulinyamaza. Sasa tunaongea."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Tunaongea," akasema. "Ni kweli, tunaongea." Kisha akakata bila kuaga, kama wanavyofanya wazee ambao kwao simu ni ya shughuli.

Nikaituma. Dakika chache baadaye nikaona ametazama, na kwa mara ya kwanza akajibu chini ya picha yangu: "Iko sawa." Kufikia jioni ya siku iliyofuata picha ilikuwa imefutika kama zinavyofutika zote. Sikuiweka tena, na wala sikuichapisha, ingawa kazini tuna karatasi nzuri.

Sitaki kusema kwamba yote yalinyooka. Hakuna aliyerudisha harusi ile, na binti yangu bado anakaa mbali kidogo na babu yake kwa saa ya kwanza kila tunapokwenda. Kuna mzee wa kanisa aliyemwambia Baba kwamba amelegea, Baba akanisimulia jambo hilo bila kuniambia alimjibu nini. Kikundi cha ukoo alikirudia baada ya mwezi. Kuna mambo ya dini hatuyagusi, na nadhani hatutayagusa.

Lakini hupiga simu, siku za Jumapili akitoka kanisani. Mara nyingi hana la kusema. Ananiambia mvua ya kwao, ananiuliza ya kwetu. Wiki iliyopita aliomba aongee na mume wangu, wakaongea muda mrefu kuhusu kondoo wa Baba mwenye kwato mbovu, mmoja akiwa Kianjokoma na mwingine Meru, mume wangu akimwelekeza namna ya kuzikata bila kumwumiza mnyama. Mimi nilikuwa nakatakata sukuma wiki. Waliponirudishia simu Baba akauliza nimepika nini, nikamwambia, akasema yeye pia, na tukabaki hivyo kwa muda, kila mtu na sufuria yake.